Moodle na mfumo wa usajili wa chuo: uoanishe kwa faili la CSV, kwa databesi moja kwa moja au kwa API?

Swali hili linarudi kila mwanzo wa semesta kwa watu wa Tehama wa vyuo, mfumo wa usajili uko huku, Moodle iko kule, na wanafunzi wanataka wakiamka asubuhi wakute kozi zao zote zipo bila kumwomba mhadhiri awaingize mmoja mmoja. Njia za kufanya hiyo kazi usiku ziko kadhaa ila zinazotumika sana kwa Moodle ni tatu: faili la CSV ambalo kwenye menyu linaitwa `Flat file (CSV)`, kusoma databesi ya nje ambayo inaitwa `External database`, na skripti yako mwenyewe inayoongea na Moodle kupitia API yake. Nimeona watu wanachagua kwa kuangalia ipi rahisi kuweka, na kwa maoni yangu hapo ndo wanapokosea, kwasababu zote tatu ukiziweka vizuri siku ya kwanza zitafanya kazi. Cha kuangalia ni kesho yake baada ya usiku kuharibika, yaani umeme umekatika katikati, au ofisi ya usajili wamechelewa kuingiza kitu, je mfumo unajirekebisha wenyewe usiku unaofuata au kuna wanafunzi wanabaki wamepotea mpaka mtu agundue?

Basi tuchukue chuo cha mfano tukipitishe kwenye njia zote tatu. Wanafunzi 4,000, kila mmoja kasajiliwa masomo 6 semesta hii, kwahiyo tuna mistari 24,000 ya "nani yuko kozi gani". Mwanafunzi wetu ana namba BIT/0412/2023 na kozi tunayoifuatilia ni CS 101.

Kwanza namba, maana njia zote zinafia hapa

Kabla ya kulinganisha chochote, Moodle inabidi ijue kwamba huyu wa kwenye usajili ndo yule yule wa kwenye Moodle. Watu wengi wanakimbilia `username`, afu wanakwama, kwasababu Moodle kwa kawaida yake inakubali username yenye herufi ndogo, tarakimu, na alama chache tu kama nukta, deshi, mstari wa chini na @. Mkwaju haukubali, na namba zetu za usajili nyingi zina mikwaju. Tumieni `idnumber` ya mtumiaji, ile sehemu ipo wazi kwa kazi hii hii, inapokea BIT/0412/2023 kama ilivyo, na mwanafunzi akibadilisha baruapepe hakuna kinachovunjika.

Upande wa kozi pia ni `idnumber`, na usiweke CS101 tupu. Weka na mwaka na semesta, mfano CS101-2024-25-S1, la sivyo mwaka ukigeuka wanafunzi wapya wanamwagwa ndani ya kozi ya mwaka jana juu ya kazi na alama za wenzao. Na mwangalie nafasi, kwenye mfumo wa usajili utakuta mtu kaandika "CS 101", mwingine "CS101", mwingine kaacha nafasi mwishoni ambayo huioni kwa macho. Ukiona kozi moja haina mwanafunzi hata mmoja wakati za jirani zimejaa, karibu kila mara ni hili.

Faili la CSV

Hii inavutia kwasababu haihitaji mtu wa usajili akufungulie databesi yake. Wao wanatoa faili, wewe unaliweka mahali kwenye sava, Moodle inalisoma usiku. Kila mstari ni kitendo kimoja: ongeza au ondoa, kwa nafasi gani, nani, kozi ipi.

```
add, student, BIT/0412/2023, CS101-2024-25-S1
del, student, BIT/0377/2023, CS101-2024-25-S1
```

Ni hivyo tu, unaweza kumfundisha mtu kwa dakika kumi. Lakini angalia vizuri kilichomo, faili halisemi "hawa ndo wanafunzi wa CS101", linasema "leo fanya hiki na hiki". Ni kama mwenye duka anayepewa risiti za leo tu bila kuhesabu mzigo uliopo rafuni, risiti moja ikipotea hesabu yake haitakaa sawa tena hata akikusanya zote za kesho.

Na Moodle ikishamaliza kulisoma faili inalifuta. Hilo liko hivyo makusudi ili usiku unaofuata isirudie. Sasa weka pamoja na hili: mstari ukitaja mtu ambaye akaunti yake haijatengenezwa bado, au kozi ambayo haipo, Moodle inaandika kwenye logi kwamba haimjui, inaruka huo mstari, inaendelea, afu mwisho inafuta faili lote. Mwanafunzi wetu BIT/0412/2023 kasajiliwa Jumatatu mchana, faili la usiku limemtaja, lakini akaunti yake inatengenezwa na kazi nyingine ambayo inakimbia saa moja baadaye. Jumanne anaingia Moodle vizuri kabisa na haoni kozi hata moja. Jumatano hivyo hivyo. Hataziona kamwe, kwasababu usajili wao unatoa "waliosajiliwa leo" na yeye alishatajwa Jumatatu.

Dalili yake ni malalamiko yanayokuja kidogo kidogo, mmoja huku wawili kule, wote ni wale waliosajiliwa mwanzo kabisa au waliochelewa sana, na mhadhiri anaanza kuwaingiza kwa mkono afu tatizo linajificha. Ukiamua kutumia njia hii basi fanyeni mambo mawili. Moja, kazi ya kutengeneza akaunti itangulie, na weka nafasi ya kutosha kati yake na hii. Pili, faili lenu la kila usiku liwe na `add` za wanafunzi WOTE wa semesta, zote 24,000, sio za leo tu. Ukimtaja mtu ambaye tayari yupo haidhuru, na aliyerukwa jana anaokotwa leo. Hapo shida inabaki kwenye `del` tu, maana anayeacha kozi lazima atajwe wazi, Moodle haitamwondoa kwa kuona hayumo.

Kitu kingine kidogo ila kinauma: faili lisiandikwe moja kwa moja kwa jina ambalo Moodle inalisubiri. Likiwa bado linaandikwa na cron ikalishika nusu, unapoteza nusu ya chini. Liandikwe kwa jina lingine, likikamilika ndo libadilishwe jina kwa `mv` kwenye diski hiyo hiyo. Na faili lisipite Ekseli njiani, maana namba ikianza na sifuri Ekseli inaila hiyo sifuri.

Databesi ya nje

Hapa Moodle yenyewe inafungua jedwali kwenye databesi nyingine na kusoma nani yuko wapi. Hakuna add wala del. Jedwali linasema hali ilivyo, Moodle inalinganisha na ilichonacho, inaongeza waliopungua na inashughulikia waliozidi. Tofauti kubwa iko hapa, na ndo maana mi hii naiweka mbele. Mwanafunzi wetu wa Jumatatu ambaye akaunti ilichelewa, usiku wa kwanza anarukwa kama kule kwenye CSV, lakini usiku wa pili bado yumo kwenye jedwali, akaunti sasa ipo, anaingizwa. Hakuna mtu aliyeguswa wala simu iliyopigwa.

Tena kuna zaidi, hii njia haisubiri usiku peke yake. Mwanafunzi akiingia kwenye Moodle, programu inamwangalia yeye peke yake kwenye jedwali na kumpa kozi zake hapo hapo, ikiwa kozi zenyewe zimeshatengenezwa. Aliyelipa saa nne asubuhi na kusajiliwa saa tano anaweza kuona kozi zake mchana huo huo akitoka na kuingia tena.

Usiwape Moodle databesi nzima ya usajili. Humo kuna malipo, matokeo, namba za simu za wazazi. Tengeneza mtumiaji wa databesi mwenye ruhusa ya `SELECT` tu, na mpe `VIEW` moja yenye safu tatu:

```sql
CREATE VIEW moodle_enrol AS
SELECT TRIM(reg_no) AS user_id,
  CONCAT(REPLACE(course_code,' ',''),'-',
         acad_year,'-S',semester) AS course_id,
  'student' AS role_name
FROM registrations
WHERE status = 'REGISTERED';
```

Majina ya safu upande wenu yatakuwa tofauti bila shaka, umbo ndo hilo. Kwenye Moodle unachagua `idnumber` kwa mtumiaji na kwa kozi, `shortname` kwa nafasi, unabonyeza `Test settings` kwenye ukurasa wa plagini za uandikishaji uone kama inasoma, afu unaijaribu kwa mkono:

```
php enrol/database/cli/sync.php -v
```

Hiyo `-v` inakuonyesha kila anayeingizwa na anayetolewa. Ifanyeni kwanza kwenye nakala ya Moodle, sio ile ya wanafunzi. Na mkishaiweka kwenye ratiba nendeni kwenye `Scheduled tasks` muhakikishe kazi yake imewashwa, kuna watu wamesubiri wiki nzima wakidhani databesi ina shida kumbe hiyo kazi haijawahi kukimbia.

Ubaya wake sasa, na ni mzito. Njia inayojirekebisha kwa kuangalia hali inaamini hali hiyo kabisa. Jedwali likisema uongo, Moodle inatekeleza uongo. Tuseme usiku ule watu wa usajili walikuwa wanarudisha bekapu, na saa Moodle iliposoma ilikuta mistari 9,000 badala ya 24,000. Kwa Moodle hiyo maana yake watu wameacha kozi mara 15,000, na kama mpangilio wako ni `Unenrol user from course` inawatoa kweli. Waliotengeneza plagini waliweka kinga, jedwali likiwa tupu kabisa na mpangilio ni huo wa kutoa, inakataa kumtoa mtu na inaandika kwenye logi kwamba inazuia upotevu mkubwa. Lakini kinga hiyo ni kwa jedwali tupu tu. Likiwa na mstari hata mmoja inaendelea.

Kwahiyo msiisomeshe Moodle moja kwa moja kutoka kwa usajili. Wekeni jedwali la katikati kwenye sava ya Moodle au karibu nayo, skripti fupi inanakili kutoka ile `VIEW` kwenda jedwali jipya, inahesabu, na kama mistari imepungua zaidi ya asilimia 5 kulinganisha na jana (kwetu hapa ni 1,200) inasimama na kutuma ujumbe, haibadilishi chochote. Moodle inaendelea na jedwali la jana, ambalo halina kosa kubwa zaidi ya kuwa la jana. Hesabu ikiwa sawa ndo mnabadilishana majina:

```sql
DROP TABLE IF EXISTS enrol_jana;
RENAME TABLE enrol_live TO enrol_jana,
             enrol_mpya TO enrol_live;
```

Kwa MySQL na MariaDB hiyo `RENAME` ya majina mawili inafanyika kwa pamoja, Moodle haitakuta jedwali halipo katikati. Jedwali hili la katikati linatibu na kitu kingine ambacho wengi hawakioni mapema: kwakuwa Moodle inaangalia databesi kila mtu anapoingia, databesi ikiwa mbali au laini ikiwa nzito, kila mwanafunzi anasubiri mlangoni. Databesi ya usajili ikizimika, kuingia Moodle kunakuwa kwa shida wakati Moodle yenyewe haina tatizo lolote. Jedwali likiwa pale pale hilo linaisha, unachopoteza ni ule upya wa saa hiyo hiyo, na hapo mnaweza kunakili kila saa mchana ukaurudisha.

Na semesta inapogeuka, angalieni msije mkaandika `VIEW` inayochuja semesta ya sasa tu. Siku mtakayobadilisha kutoka S1 kwenda S2, kozi zote za S1 zitakuwa hazina mtu kwenye jedwali, na Moodle itawatoa wote wakati wahadhiri bado wanasahihisha. Acheni semesta iliyopita ibaki mpaka matokeo yapitishwe.

API na skripti yako

Njia ya tatu ni wewe kuandika programu inayosoma usajili, inaiuliza Moodle ina nani, inatoa tofauti, afu inaituma.

```
curl "https://lms.example.org/webservice/rest/server.php" \
  -d wstoken=TOKENI \
  -d moodlewsrestformat=json \
  -d wsfunction=enrol_manual_enrol_users \
  -d "enrolments[0][roleid]=5" \
  -d "enrolments[0][userid]=812" \
  -d "enrolments[0][courseid]=77"
```

Faida yake ni kwamba inafika mahali ambapo zile mbili hazifiki. Kama mna seminari na kila mwanafunzi ana kundi lake la Jumanne au Alhamisi, CSV hii na databesi ya nje hazijui makundi, zinaishia kwenye kozi. Kwa API mnaita `core_group_add_group_members` na mwanafunzi anaamka yuko kwenye kundi. Pia kama Moodle yenu iko kwa kampuni nje ya nchi na usajili uko ndani ya chuo nyuma ya faiawoli, skripti inakaa ndani inaongea kwenda nje kwa HTTPS, hakuna haja ya kufungua mlango wa databesi kwa mtu yeyote. Kwa chuo cha namna hiyo API inaweza kuwa ndo njia pekee ya busara.

Ila inataka mtu. Sio mtu wa kuandika, kuandika ni kazi ya wiki chache, ni mtu wa kubaki. Na kuna mitego mitatu ambayo mnaiona mkiwa tayari ndani.

Wa kwanza, Moodle ikikataa ombi kwenye hii API kwa kawaida bado inajibu kwa HTTP 200, kosa lenyewe liko ndani ya jibu kwenye sehemu inayoitwa `exception`. Skripti inayoangalia namba ya HTTP tu itakuambia kila usiku kwamba mambo safi, na haijamwingiza mtu tangu tokeni ilipoisha muda. Someni mwili wa jibu.

Wa pili, fungu moja linapotumwa kwa `enrol_manual_enrol_users` likiwa na mtu mmoja mwenye kosa, lote linarudishwa nyuma. Umetuma 200, mmoja kozi yake haipo, wote 200 hawajaingia. Skripti iweze kulikata fungu vipande ikishindwa, impate mwenye kosa, iendelee na wengine. Na mafungu yawe madogo, 100 au 200, kwasababu kila mtu anabeba vigezo vitatu na PHP ina kikomo cha `max_input_vars` kwa ombi moja, kikiwa 1000 basi watu kama 330 tu wanatosha.

Wa tatu ndo ninaoutilia mkazo. Kwa njia hii wanafunzi wanaingizwa kama `manual`, ile ile anayotumia mhadhiri akimwongeza mtu kwa mkono. Skripti yako ikisema "yeyote asiyekuwemo kwenye usajili atoke", itamtoa na mwanafunzi wa kurudia mtihani ambaye mhadhiri alimwongeza jana, na msaidizi wake pia kama hamjachuja nafasi. Databesi ya nje haina hili, ina kisanduku chake, waliowekwa kwa mkono haiwagusi. Kwenye skripti lazima uwe na jedwali lako la kukumbuka nani uliyemwingiza wewe, na ukitoa utoe hao tu.

Ile hatari ya nusu ya jedwali ipo hapa pia, kinga ya asilimia 5 iwekwe humo humo kwenye skripti.

Ada, na hii ndo inayoamua

Kwenye vyuo vyetu mwanafunzi kusajiliwa sio kitu cha mara moja. Anasajiliwa, awamu ya ada inafika, hela ya mkopo haijaingia, mfumo unamtoa kwenye `REGISTERED`, baada ya siku mbili analipa kwa kontroo namba, anarudi. Mwanafunzi wetu katolewa Alhamisi jioni, kalipa Ijumaa mchana. Nini kinampata?

Kwa databesi ya nje yenye `Unenrol user from course`, Alhamisi usiku katoka. Kazi alizowasilisha zinabaki kwenye databesi ya Moodle, lakini alama zake zinaondolewa kwenye kitabu cha alama na anatolewa kwenye makundi yote ya kozi hiyo. Ijumaa anarudi, kozi anaiona, kundi la seminari hana, na alama zake zinarudi tu kama mpangilio wa kurudisha alama za zamani umewashwa. Mhadhiri akitoa alama za kazi Jumamosi anamwona huyu kama mgeni. Na mpangilio huo wa kutoa ndo unaokuja na plagini kama hamjaugusa.

Badilisheni iwe `Disable course enrolment`. Alhamisi usiku anafungiwa tu, haingii kwenye kozi, lakini alama, kundi na kila kitu chake kiko pale. Ijumaa jedwali likimtaja tena anafunguliwa. Mwanafunzi hapotezi chochote zaidi ya siku ile. Kitu kimoja mkumbuke, ile kinga ya jedwali tupu niliyoitaja ni ya mpangilio wa kutoa, huu wa kufungia hauna, jedwali likija tupu unawafungia wote, ndo maana hesabu ya asilimia 5 inabaki lazima. Ila kufungiwa kunarudishwa usiku mmoja, na kutolewa mtaokota vipande kwa wiki.

Kwa CSV, huyu mtu ni mtihani. Alhamisi usajili watatoa `del` ikiwa walikumbuka kuiandika. Ijumaa watatoa `add`? Mifumo mingi faili lake linachukua "usajili mpya", na huyu sio mpya, ni yule yule aliyerudi. Amelipa na yuko nje. Ukiona wanafunzi wanaokuja na risiti mkononi wakisema Moodle imewakataa, na kwenye mfumo wa usajili wanaonekana safi, ujue uko hapa. Lile faili la wote 24,000 linaliponya hili.

Kwa API ni nyinyi mtakavyoandika, kuna kigezo cha `suspend` kwenye kuingiza, mnatuma 1 kumfungia na 0 kumfungulia. Kinafanya kazi vizuri, ila lazima kuna mtu alikifikiria mapema.

Kwahiyo mchague ipi

Kama mnaweza kupata `VIEW` ya kusoma tu kutoka kwa usajili, chukueni databesi ya nje, na jedwali la katikati, na `Disable course enrolment`. Chuo cha ukubwa huu hakihitaji zaidi, na mtu aliyeiweka akiondoka, anayekuja baada yake ataisoma mipangilio kwenye ukurasa mmoja.

Kama mfumo wa usajili ni wa kampuni na hawafungui databesi kwa yeyote, wanatoa ripoti tu, basi CSV, lakini mkatae kabisa faili la mabadiliko, dai lenu liwe faili la hali yote, mwaliweke kwenye jedwali lenu na msomeshe Moodle hilo jedwali kwa njia ya databesi ya nje. Hii watu hawaifikirii, wanadhani CSV lazima iende na plagini ya CSV. Faili likiwa la wote, aliyeacha kozi anatambulika kwa kutokuwemo, na ile shida ya `del` inaisha.

Kama makundi ya seminari ndo roho ya ufundishaji wenu, au Moodle iko mbali mno, API, na watu wawili wanaoijua hiyo kodi. Mmoja hatoshi. Na hata hapo wengine wanachanganya, databesi ya nje inaleta wanafunzi kwenye kozi, skripti ndogo inashughulika na makundi tu, na naona huo ni mchanganyiko mzuri maana skripti ikifa hakuna anayekosa kozi.

Saa ya kukimbiza ipangeni kwa mfuatano: usajili wamalize bekapu yao, nakala ya jedwali ifuate, akaunti, kozi, halafu uandikishaji. Sava nyingi zimewekwa saa ya UTC, ukiandika 2 kwenye cron itakimbia saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu, na hapo kuna wanafunzi wameshaamka wako ndani.

Na asubuhi kabla ya kufungua ofisi, hesabu hii:

```sql
SELECT COUNT(*) FROM mdl_user_enrolments ue
JOIN mdl_enrol e ON e.id = ue.enrolid
WHERE e.enrol = 'database' AND ue.status = 0;
```

Ilinganisheni na idadi ya mistari ya `enrol_live`, ile isiyojirudia. Hazitalingana kabisa, kutakuwa na wachache ambao akaunti haijatoka au kozi haijafunguliwa. Tofauti ya 40 au 50 ambayo inapungua kila siku ni kawaida kwa mwanzo wa semesta. Tofauti ambayo haisogei siku tatu, chukueni hiyo orodha ya waliokosekana mwangalie namba zao, mtakuta nafasi, mkwaju uliogeuzwa, au kozi iliyofunguliwa na mhadhiri bila `idnumber`.